Mtoto Si Mpangaji: Neno, Jina na Subira katika Kumpokea Mtoto Aliyeasiliwa

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, mtoto anayechukuliwa na familia isiyomzaa aghalabu huitwa mtoto wa kupanga. Asemaye hivyo hana nia mbaya. Lakini na ichukuliwe Kahawa Sukari, mtaa wa Ruiru ulio kando ya barabara kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapo kupanga ni jambo moja tu: kulipa kodi ya nyumba. Wanafunzi hupanga vyumba, vijana walioajiriwa karibuni hupanga nyumba za chumba kimoja, na kila mmoja anajua kwamba mpangaji ni mtu anayekaa kwa masharti. Akichelewesha kodi, anapewa notisi. Akipiga kelele, anaonywa. Mtoto anayekua akisikia kwamba yeye ni wa kupanga hahitaji kamusi ili aelewe yaliyomo ndani ya neno hilo. Analisikia mlangoni, katika kinywa cha jirani, siku anapovunja glasi.

Lugha ya sheria nayo haikusalimika. Nchini Tanzania, ambako sheria ya mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayotawala mambo haya, malezi ya muda katika familia nyingine yamepewa jina la malezi ya kambo. Kila aliyelelewa kwa ngano za Waswahili anamjua mama wa kambo: ndiye anayempa mtoto wa mwenziwe ukoko huku wake wakila nyama, ndiye anayemtuma kisimani usiku. Kulichukua neno lenye uchungu wa aina hiyo na kulibandika juu ya mpango unaokusudiwa kumfariji mtoto ni kazi ya mfasiri aliyetazama maana ya juu na kusahau hadithi iliyo chini yake. Afadhali kuasili, neno ambalo msikilizaji hulisikia likigusana na asili, kana kwamba mtoto anapewa chimbuko jingine juu ya lile alilo nalo. Linasikika kama neno la mahakamani, hilo ni kweli, lakini halimtishii mtu kufukuzwa.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2022 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya ya watoto iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, na mwaka uo huo serikali ikazindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia: zao wenyewe ikiwezekana, za jamaa, au za walezi wengine. Athari yake ni rahisi kuiona. Familia nyingi zinapowaza kuasili huwaza mtoto mchanga asiyejua lolote. Lakini waliojaa katika makao si wachanga watupu. Wapo wa miaka minne, sita, tisa, wenye kumbukumbu, mazoea na hofu zao. Huyu ndiye mtoto ambaye hadithi za kawaida za kuasili hazimwelezi, na ndiye makala hii inayemzungumzia.

Na ichukuliwe familia ya kubuni, ingawa mambo yake ni yale yanayojulikana na wanaofanya kazi na watoto wa aina hii. Mume na mke wanaishi Kahawa Sukari katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Wamechunguzwa na shirika la kuasili watoto lililosajiliwa: nyumba imetembelewa, mapato yametazamwa, afya imepimwa, majirani na jamaa wameulizwa. Mtoto wao ni msichana wa miaka mitano ambaye alipatikana akiwa mchanga na akalelewa katika makao. Jina alilo nalo alipewa na muuguzi wa hospitali alikopelekwa kwanza. Shirika limekwisha kutangaza kwamba yuko huru kuasiliwa. Sheria inataka akae mfululizo katika malezi ya waombaji kwa miezi mitatu kabla ya ombi kupelekwa Mahakama Kuu. Huko nako kutateuliwa mlezi wa kumwakilisha mtoto katika kesi na kutaandikwa ripoti, ndipo jaji aamue. Miezi hiyo mitatu inachukuliwa na wengi kama foleni ya kungojea karatasi. Si foleni. Humo ndimo mtoto anapoamua kama watu hawa ni wa kuaminiwa.

Tangu mwaka 2021 sheria ya ajira ya Kenya inampa mfanyakazi anayeasili likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili, kuanzia mtoto anapokabidhiwa. Mama aliyejifungua hupewa miezi mitatu. Watunga sheria huenda walidhani kwamba likizo ya uzazi ni ya kidonda na maziwa tu, na kwamba mtoto anayetembea na kula mwenyewe hana haja ya mtu wa kukaa naye. Hapo wamepotoka, kwa maana mtoto mchanga hana la kusahau, ilhali wa miaka mitano amepoteza katika siku moja kitanda chake, wenzake ishirini wa bwenini, mlezi aliyempenda na mlio wa kengele ya chakula. Hata hivyo mwezi ndio uliopo, na ubaya ni kwamba nusu yake huliwa na sherehe.

Wageni huja. Kanisa linataka kushukuru, chama cha akina mama kinaleta mablanketi na unga, shangazi wanatoka Murang'a na Nyeri kumwona mtoto. Msichana anawakimbilia wote. Anampanda mgeni mapajani, anamwita mama, anamwomba amchukue aende naye. Watu wanafurahi: mtoto huyu ana upendo ulioje! Mtaalamu angekunja uso. Katika makao, walezi hufanya kazi kwa zamu na wafadhili huja na peremende kisha huondoka, na kwa hiyo mtoto hujifunza kwamba kila mtu mzima ni mama kwa saa mbili. Kumkimbilia kila mgeni si dalili ya moyo uliojaa bali ni dalili kwamba hajapata mtu mmoja wa kumchagua. Dawa yake haipendezi jamii yetu inayothamini ukarimu: wageni wapunguzwe kwa wiki sita au nane za kwanza, na kwa muda huo kazi za kumlisha, kumwogesha, kumlaza na kumfuta machozi zifanywe na baba na mama wale wawili pekee. Bibi akitaka kusaidia, apike na aoshe vyombo. Asimpakate mtoto bado. Ni vigumu kumwambia bibi hivyo, na mwenye kustahili kumwambia ni mwanawe wa kumzaa, wala si mkaza mwana.

Kisha kuna chakula. Siku ya nne mama anatandua kitanda na kukuta kipande cha chapati chini ya mto, ndizi iliyoiva kupita kiasi katika mfuko wa sweta, na mkate uliokaukia nyuma ya sanduku. Mezani msichana anakula haraka, mkono mmoja ukizunguka sahani, wala hasemi kwamba ameshiba mpaka anatapika. Majirani wataliita hili uchoyo au wizi. Mtoto aliyekula pamoja na wengi kwa kengele, asiyepata kuona jikoni chakula kikipikwa wala ghala lilipo, hana sababu ya kuamini kwamba kesho kitakuwapo. Anayemkaripia humthibitishia hofu yake. Kinachosaidia ni kumpa bakuli lake la matunda au mkebe wa biskuti unaokaa chumbani mwake na kujazwa kila jioni mbele ya macho yake, kumpeleka sokoni Githurai akaone viazi na sukuma wiki vikinunuliwa, na kumpa kazi ndogo ya kuchambua mchele. Wiki chache za kwanza mkebe utaisha kila siku. Baadaye utaanza kubaki na biskuti mbili, kisha tano, na siku moja mama atagundua kwamba hakuujaza kwa siku tatu na hakuna aliyelalamika. Hicho ndicho kipimo, na hakina haja ya daktari. Lakini ikiwa miezi sita imepita na mtoto bado anatapika, hakui, au anajidhuru mwenyewe, basi ni wakati wa kumwona daktari wa watoto na mshauri nasaha. Afisa wa watoto asiogopwe pia. Familia nyingi humficha matatizo wakidhani mtoto atachukuliwa, na hapo ndipo tatizo dogo linapokomaa.

Usiku ni mgumu zaidi ya mchana. Chumba cha peke yake, ambacho wazazi walikipaka rangi kwa fahari, kwake ni adhabu, kwani hajawahi kulala mahali pasipo pumzi za wengine. Godoro liwekwe kwa muda chumbani mwa wazazi, au mmoja wao alale kwake. Blanketi alilokuja nalo lisifuliwe wiki ya kwanza hata kama linanuka, kwa sababu harufu ile ndiyo kitu pekee cha zamani kilichobaki. Akikojoa kitandani baada ya miaka miwili ya kutokojoa, shuka zibadilishwe bila hotuba.

Liko jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili wana nafasi maalumu ya kulitambua, nalo ni lugha ya nyumbani. Msichana huyu amekulia katika makao ambako watoto wa kila kabila huchanganyika, na lugha yake ni Kiswahili, chenye Kiingereza cha hapa na pale. Nyumba aliyoingia inasema Kikuyu, hasa bibi anapokuwapo. Watu wazima wanapogeukia Kikuyu ghafla na kumtupia jicho, mtoto hufanya hesabu yake: wananisema, wanapanga kunirudisha. Familia haina haja ya kuacha lugha yake, wala isiache, kwani ndiyo mlango wa ukoo. Lakini miezi ya kwanza ingefaa mazungumzo ya mezani yawe ya Kiswahili na Kikuyu kifundishwe kama zawadi: jina la kijiko leo, la mbuzi kesho, salamu ya bibi keshokutwa. Bibi anayesalimiwa kwa Kikuyu chenye makosa na mtoto aliyejizoeza kutwa nzima huwa amekwisha kuvutwa nusu ya njia.

Baada ya wiki za utulivu huja kipindi ambacho wazazi hukiona kama kosa lao. Msichana mtiifu anaanza kuvunja vitu, kuongopa waziwazi, kumpiga mtoto wa jirani, na jioni moja anauliza kwa sauti kavu: “Mtanirudisha lini?” Hilo si dharau. Mtoto anayeogopa kuachwa huona ni heri aachwe mapema kuliko kungoja, kwa hiyo anajaribu kamba ili aone itakatika wapi. Hapa ndipo methali zetu zinapohitaji kusomwa kwa tahadhari. Mchelea mwana kulia hulia yeye, watasema wazee, na mwiko utainuliwa. Methali hiyo inamhusu mtoto ambaye hana shaka kwamba ni wa nyumbani. Anaadhibiwa usiku, asubuhi anaamka kwake. Kwa mtoto asiye na uhakika, kipigo, kunyimwa chakula au kufungiwa chumbani havifundishi adabu bali vinajibu swali lake kwa ndiyo. Kinachofaa ni kumweka karibu badala ya kumfukuza: akae jikoni na mama mpaka hasira itulie, kisha aokote alichovunja pamoja na mama. Na kuna sentensi moja isiyopaswa kutamkwa katika nyumba hiyo kwa utani wala kwa hasira, nayo ni “nitakurudisha.” Ikitamkwa mara moja, itachukua miezi kuifuta. Jibu la swali la mtoto ni fupi, na litarudiwa mara hamsini kwa maneno yale yale: hurudi, hapa ni kwenu.

Ugomvi mkubwa zaidi katika familia hii, hata hivyo, hautaletwa na mtoto. Utaletwa na jina. Desturi ya Wakikuyu ni kwamba mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, na binti wa kwanza huitwa jina la bibi mzaa baba. Si jina tu, ni nafasi. Mtoto aliyepewa jina la bibi humwakilisha bibi huyo katika ukoo, na hata namna anavyoitwa na jamaa hubadilika kwa sababu hiyo. Sasa bibi mzaa baba yuko sebuleni Kahawa Sukari, na binti wa kwanza wa mwanawe ni huyu aliyetoka katika makao. Bibi anaweza kukataa: jina langu halitampa damu asiyo nayo. Wazazi kwa upande wao wanaweza kutaka kumpa jina lile haraka, kama muhuri wa kumaliza ubishi, na kulifuta lile la muuguzi.

Pande zote mbili zinakosea, ingawa kosa la wazazi ni la upendo. Bibi akumbushwe kwamba mbari za zamani zilikuwa na njia ya kumwingiza mgeni katika ukoo kwa mbuzi na wazee, naye akahesabiwa kuwa amezaliwa humo. Damu haikuwa mlango pekee. Wazazi nao watambue kwamba jina la muuguzi ndilo neno la kwanza ambalo binadamu yeyote alimwambia mtoto huyu kwa wema. Limeitwa bwenini, limeandikwa katika kadi ya chanjo, ndilo analogeukia anapoitwa usingizini. Kulifuta ni kumwambia kwamba aliyekuwa kabla ya kuja Kahawa Sukari hakufaa. Ikiwa mahakama itakubali jina jipya, na aghalabu hukubali, la bibi liongezwe na la zamani libaki. Na bibi asipokubali mwaka huu, jina lake lingoje. Jina lililotolewa kwa kulazimishwa hubaki na kinyongo, na atakayekisikia ni mtoto.

Waswahili wa pwani wana la kufundisha hapa. Uislamu haukubali mtoto aasiliwe kwa namna ya kufutiwa nasaba. Suratul Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Badala yake kuna kafala: mtoto analelewa, anavishwa, anasomeshwa, anapendwa, lakini jina la ukoo wake halibadilishwi, na harithi kwa hukumu ya mirathi ya kawaida, ila mlezi aweza kumpa hiba akiwa hai au kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 imeutambua mpango huo kwa wanaofuata dini ya Kiislamu. Wapo wanaouona kuwa nusu ya mkate, kwa sababu mtoto hawi wa familia kikamilifu. Pengine. Kwa upande wa mirathi, uasili wa Mahakama Kuu humpa mtoto ulinzi mkubwa zaidi, kwani huhesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi hao. Lakini kafala imefahamu jambo moja ambalo familia nyingi za bara hulisahau: mtoto anaweza kupendwa bila historia yake kufichwa.

Na historia hufichwa sana. Wazazi huhama mtaa ili majirani wasijue, huwaapisha jamaa wasiseme, hupanga kumwambia “akikua”. Kwa msichana wa miaka mitano siri hiyo haiwezekani, anakumbuka. Lakini hata mchanga aambiwe mapema, kabla ya kuingia shule, kwa hadithi fupi inayokua pamoja naye. Wasioambiwa na wazazi huambiwa na binamu katika ugomvi wa mpira, na hapo kinachowauma zaidi si kuasiliwa bali kudanganywa. Fasihi yetu inalijua hitaji hili la kutafuta chimbuko. Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996 na kusomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, anatoka Tanga akavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Hakuna msomaji aliyewahi kumwona mtovu wa shukrani kwa safari ile. Ajabu ni kwamba wasomaji hao hao, mtoto waliyemlea anapouliza mama yake wa kwanza ni nani, husikia usaliti.

Kwa msichana wa Kahawa Sukari yasiyojulikana ni mengi, na hayo pia asifanyiwe uongo. Asiambiwe kwamba mama yake alikufa ikiwa hakuna ajuaye. Aambiwe yaliyo hakika: kwamba alizaliwa na mwanamke ambaye jina lake halijulikani, kwamba alipatikana akiwa hai na akapelekwa hospitalini, kwamba muuguzi alimpa jina, kwamba alilelewa na watu fulani wenye majina. Wazazi wawaombe walezi wa makao picha, hata moja, na waandike tarehe na mambo yote wanayoyakumbuka kabla hawajatawanyika. Yote yakae katika daftari moja ambalo mtoto anaweza kulifungua siku anayotaka.

Daftari hilo litahitajika mapema kuliko wanavyodhani. Katika madarasa ya chini mwalimu huwaagiza wanafunzi wachore familia zao: babu juu, wazazi katikati, watoto chini. Mzazi mwenye busara humwendea mwalimu kabla ya somo hilo, si kuomba msamaha wala huruma, bali kumweleza kwamba mti wa binti huyu una mizizi ya pande mbili na kwamba ukurasa mmoja wa daftari huenda usiutoshe. Mwalimu akiuliza aandike nini mahali palipoandikwa uhusiano na mlezi, jibu ni neno moja: mama.